Shajara ya barua ya deni: kutoka kwenye daftari letu Mtwara hadi kwa mteja wa Marekani

Jumatatu, 3 Machi 2025: Kilichomo kwenye daftari

Kikundi chetu kinabangua korosho hapa Mtwara mjini na kuuza korosho karanga za daraja W320 kwa mnunuzi mmoja wa New Jersey, Marekani. Mzigo wetu ni mdogo, haujazi kontena, kwa hiyo huenda kwa lori hadi Dar es Salaam na kuunganishwa na ya wengine. Mnunuzi huyu ana madeni yaliyochelewa, na kikao cha Jumamosi kimeniagiza, mimi mweka hesabu, nimwandikie barua ya kumkumbusha kwa Kiingereza. Naweka kumbukumbu hii ili vikundi vingine vya huku Kusini vinavyouza nje viweze kufuata njia hiyohiyo.

Nilichopewa ni ukurasa mmoja wa daftari la Mama Mwenyekiti. Nimeunakili kama ulivyo:

"Yule wa Amerika. 041 kalipa nusunusu, bado 4,500. Analalamikia katoni 6, mifuko imeingia hewa. 046 hajatoa hata senti, muda umepita sana. 052 tumepeleka, hajamaliza. Jumla 25,500. Tumtoze riba. Aandikiwe kwa ukali ila tusimpoteze."

Fedha zote ni dola. Kwa sisi tuliokuwepo mizigo ikitoka, maneno haya yanajitosheleza. Kwa karani wa malipo aliyekaa New Jersey na mafaili mia ya wauzaji wengine, hayamwambii lolote analoweza kulifanyia kazi. Hakuna tarehe hata moja, na hakuna panapoonyesha kipi kilikubaliwa kwenye mkataba na kipi ni uchungu wetu wa kucheleweshewa.

Leo nimekusanya karatasi tu: mkataba, ankara tatu, hati za shehena, taarifa ya benki kuanzia Oktoba, na barua pepe zote za mnunuzi. Benki imetoza shilingi 5,000 kuchapisha taarifa.

Jumatano, 5 Machi 2025: 25,500 inageuka 16,200

Kazi ya leo imekuwa ndiyo kubwa kuliko zote, na sijaandika neno la Kiingereza.

Mkataba wetu unasema mnunuzi analipa asilimia 30 kabla ya mzigo kutoka, na asilimia 70 ndani ya siku 30 tangu tarehe ya hati ya shehena. Siku hazihesabiwi tangu ankara ilipoandikwa wala tangu mzigo ulipofika Newark. Kwa hiyo kila ankara nimeiweka pembeni ya hati yake ya shehena na kuhesabu upya.

Ankara 041 ilikuwa ya katoni 100. Katoni moja ya korosho karanga hubeba ratili 50, yaani kilo 22.68, na bei yetu ni dola 3 kwa ratili. Hapo unapata dola 15,000. Malipo ya awali yalikuwa 4,500, zikabaki 10,500. Hati ya shehena ni ya 18 Oktoba 2024, hivyo salio lilitakiwa tarehe 17 Novemba. Desemba akatuma 6,000. Zimebaki 4,500, sawa na daftari linavyosema.

Ankara 046 ilikuwa ya katoni 120, dola 18,000. Hati ya shehena ya 6 Desemba, salio lilitakiwa 5 Januari 2025. Hapa daftari linasema hajatoa hata senti, na taarifa ya benki inaonyesha malipo ya awali ya 5,400 yaliingia Novemba. Mama Mwenyekiti anajua kwamba yaliingia, alichomaanisha ni kuwa tangu mzigo utoke hakuna kilicholipwa. Lakini sentensi hiyo ikiingia kwenye barua kama ilivyo, tutakuwa tumemwambia mteja jambo lisilo kweli, naye ana karatasi ya benki ya kutuumbua. Baada ya hapo hata zile takwimu zetu zilizo sahihi atazitilia shaka. Salio halisi ni 12,600.

Ankara 052 ndiyo iliyonishtua. Katoni 80, dola 12,000, malipo ya awali 3,600 yameshalipwa, salio 8,400. Hati ya shehena ni ya 14 Februari. Siku 30 zinaishia 16 Machi, na leo ni tarehe 5. Hili deni lipo ila halijafika. Tukilidai leo kama lililochelewa, tumevunja mkataba wetu wenyewe kwenye barua ya kumlaumu mwenzetu kwa kuuvunja.

Kisha kuna zile katoni sita. Tarehe 20 Desemba mnunuzi aliandika kwamba katoni sita za ankara 041 zilifika mifuko yake ya vakyumu ikiwa imeingia hewa. Sita mara ratili 50 mara dola 3 ni dola 900. Hatujawahi kumjibu kwa maandishi kama tunakubali au tunakataa. Kwa miezi miwili na zaidi, hiyo 900 imekuwa ikimpa sababu ya kushikilia 4,500 nzima.

Nimelipasua deni mafungu matatu. Lililochelewa na lisilo na ubishi ni 3,600 za ankara 041 na 12,600 za ankara 046, jumla 16,200. Lenye ubishi ni 900. Lisilofika muda ni 8,400. Ukijumlisha yote unarudi kwenye 25,500 ya Mama Mwenyekiti, kwa hiyo hesabu yake ilikuwa sahihi. Ila barua inatakiwa kudai 16,200 tu.

Jioni nimemweleza. Hakufurahi kuona dola 9,300 zinaachwa nje ya barua. Nilimwonyesha kwamba hazijafutwa, na kwamba tukidai 25,500 mteja atajibu kuhusu 052 na katoni sita, halafu 16,200 hataigusa. Amekubali, kwa sharti kwamba 052 itaandikiwa barua yake siku ikichelewa.

Bado kuna kitendawili kidogo cha ile 6,000 ya Desemba. Nakala ya SWIFT, yaani ujumbe wa benki unaoonyesha malipo yalivyotumwa, aliyotutumia mnunuzi inasema 6,000. Kwenye akaunti yetu ziliingia 5,975. Dola 25 zilikatwa na benki ya kati njiani, kwa sababu sehemu ya 71A ya ile nakala imeandikwa SHA, maana yake kila upande unabeba ada zake. Mkataba wetu hausemi ada ni za nani. Nimeamua tumhesabie 6,000 kamili. Kugombania dola 25 zisizo na kifungu kungetia doa dai la maelfu. Badala yake barua itamwomba safari hii aandike OUR, yaani anayetuma ndiye abebe ada zote.

Jumamosi, 8 Machi 2025: Rasimu ya kwanza imekataliwa

Rasimu ya kwanza niliiandika kwa kufuata daftari mstari kwa mstari, kwa adabu zetu za huku: salamu ndefu, pole za kazi, kumtakia heri yeye na familia, halafu malalamiko, halafu onyo, halafu shukrani. Ilijaa ukurasa mzima na nusu. Haya ndiyo yaliyokuwa kiini chake:

```
We have been very patient with you for a long time.
You have refused to pay our invoices of 17/11/2024 and 5/1/2025.
Kindly but urgently pay as soon as possible, with 10% interest,
or we will be forced to take you to court without further notice.
```

Baada ya futari nilikwenda kumsomea mjomba. Amefanya kazi ya uwakala wa forodha bandarini kwa miaka mingi kabla ya kustaafu, na barua za aina hii amezipokea na kuzituma zote mbili. Alivaa miwani, akaisoma kimya hadi mwisho, kisha akaanza na tarehe.

"Mpwa wangu, huyu ni Mmarekani. Yeye anaanza na mwezi. Hii tano moja yako anaisoma tarehe mosi Mei. Deni lako bado halijafika kwake!"

Ni kweli, na hatari yenyewe haionekani. Ile 17/11 isingeleta shida kwa sababu hakuna mwezi wa 17. Karani angejua tu kwamba mwandishi anaanza na siku. Ila 5/1 inasomeka vizuri pande zote mbili, kwa hiyo hakuna atakayeuliza. Angeiweka kwenye orodha ya malipo ya Mei na kuendelea na kazi zake. Tangu leo tarehe zote kwenye barua zetu za nje zinaandikwa na jina la mwezi.

Kisha akaja kwenye neno la kukataa. "Alikataa lini? Una barua yake inayosema hatalipa?" Sina. Nina ukimya tu. Ukimya unaweza kuwa karani aliyehama, ankara iliyopotea, au mtu asiye na fedha. Barua ikisema amekataa, inamlazimu ajitetee. Ikisema malipo hayajaonekana kwenye akaunti yetu hadi tarehe fulani, inasema jambo tunaloweza kulithibitisha kwa karatasi ya benki, na yeye anabaki na njia ya kulipa bila kuvunjika heshima.

Riba tumeitoa. Mkataba hauna kifungu cha riba ya kuchelewa. Mjomba alisema, na nakubaliana naye, kwamba ukidai kitu kimoja usichokuwa na haki nacho, wakili wa mwenzio ataanzia hapohapo. Tumeandika pembeni kwamba mkataba ujao lazima uwe na kifungu hicho, pamoja na kile cha ada za benki.

Mahakama nayo tumeitoa. Hatuna mpango wa kwenda kushtaki New Jersey kwa dola 16,200, na gharama za wakili wa huko hatuzijui. Kutishia usichoweza kutenda kunamfundisha mteja kwamba maneno yako hayana uzito. Mjomba akauliza, "Kitu gani mnacho mkononi ambacho yeye anakitaka?" Jibu lilikuwa rahisi: oda yake ya Aprili ya katoni 100. Hilo tunaweza kulizuia kesho asubuhi bila kumlipa wakili hata senti. Basi ukali wa barua utakaa hapo.

Na ile ya kulipa haraka iwezekanavyo? Haina siku. Haraka ya karani wa malipo ni wiki sita. Inahitajika tarehe moja, yenye jina la siku, na iseme fedha ziwe zimefika, maana fedha zilizotumwa Ijumaa jioni zinaweza kuzunguka siku kadhaa kabla hatujaziona.

Zile salamu ndefu zimepungua hadi mstari mmoja. Sikutaka barua ianze kwa ukavu, na haikuwa lazima. Tulitafuta jambo la kweli la kumshukuru tukalipata: malipo ya awali ya ankara 052 aliyalipa kwa wakati, tarehe 30 Januari. Shukrani ya jambo mahususi inaonyesha heshima, na papo hapo inamkumbusha kwamba tunafuatilia kila senti inayoingia.

Jumatatu, 10 Machi 2025: Katoni sita na akaunti ya benki

Aya mbili zimechukua siku yote.

Ya kwanza ni ya dola 900. Kuna vishawishi viwili hapa. Kimoja ni kuzisamehe papo hapo ili alipe zilizobaki. Kingine ni kukaa kimya kama vile lalamiko halikufika. Kusamehe ndani ya barua ya deni ni kumfundisha kwamba akichelewa anapunguziwa. Kukaa kimya ni kumwachia kisingizio kilekile. Niliwauliza kinamama wa kufungasha. Wanasema siku ile mashine ya vakyumu ilikuwa ikisumbua kwenye kuziba midomo ya mifuko, kwa hiyo lalamiko linaweza kuwa na ukweli. Lakini mifuko pia hutobolewa na misumari ya zile mbao wanazopangia mizigo. Picha zitaonyesha: mfuko uliozibwa vibaya unavuja kwenye mshono, na uliotobolewa una tundu ubavuni. Mnunuzi hakuwahi kutuma picha.

Basi aya inasema tumeiweka 900 pembeni, tunaishughulikia peke yake, na haigusi kiasi kinachodaiwa. Ombi la picha nimelituma kwa barua pepe tofauti leo hii, ili mada hizo mbili zisijibiwe kwa pamoja. Toleo la kwanza la aya hiyo lilisema hivi:

```
We are sorry for the six bad cartons.
```

Hiyo nimeifuta. Kwa Kiingereza cha biashara, kuomba radhi kwa katoni mbovu kunasomeka kama kukiri kwamba ni mbovu na kwamba kosa ni letu. Pole yetu ya Kiswahili haibebi mzigo huo, ila yeye hatasoma Kiswahili. Sasa inazungumzia katoni sita alizoziripoti, basi.

Aya ya pili ni ya benki. Mwaka jana tulihamisha akaunti ya matumizi ya kawaida kwenda benki nyingine, na Katibu alipendekeza mteja alipe huko. Nimepinga. Barua ya kudai fedha inayokuja na namba mpya ya akaunti ndiyo sura yenyewe ya utapeli wa barua pepe: matapeli huingia kwenye mawasiliano ya muuzaji na mnunuzi, husubiri ankara kubwa, kisha huandika kwamba akaunti imebadilika. Idara ya malipo yenye akili ikiona hivyo inasimamisha malipo hadi ihakikishe, na inafanya vizuri. Kwa hiyo akaunti inabaki ileile iliyochapwa kwenye ankara, na barua inasema waziwazi kwamba haijabadilika. Namba za akaunti hazirudiwi kwenye barua. Asome kwenye ankara alizonazo.

Jumatano, 12 Machi 2025: Imetumwa

Hii ndiyo barua iliyotoka leo asubuhi, bila majina:

```
Subject: Invoices 041 and 046 - USD 16,200.00 overdue

Thank you for your deposit on invoice 052, which we received
on 30 January 2025.

Under our contract, balances are due 30 days from the bill of
lading date. As of today we have not received the following:

Invoice 041   due 17 November 2024   USD  3,600.00
Invoice 046   due 5 January 2025     USD 12,600.00
Total now payable                    USD 16,200.00

The figure for invoice 041 leaves out USD 900.00 for the six
cartons you reported on 20 December 2024. We are handling that
claim separately and it does not affect the amounts above.

Please arrange for USD 16,200.00 to reach our account by
Wednesday, 26 March 2025, with bank charges marked OUR, and
reply to confirm the payment date. If you question any part of
this amount, please tell us which part, and why, by
Wednesday, 19 March 2025.

Your April order of 100 cartons is on our schedule. We will
book the shipment once these two invoices are settled.

Our bank details have not changed and are as printed on the
invoices. If you have already paid, please accept our thanks
and send us the SWIFT copy.
```

Mwisho kuna neno la kuagia, jina la Mama Mwenyekiti, cheo chake na namba ya simu iliyomo kwenye mkataba. Saini yake ndiyo iliyokwenda, si yangu. Anayemjua mnunuzi ni yeye, na barua ya mwenyekiti haiishii kwa karani.

Maelezo machache kwa atakayeinakili. Mstari wa somo una kiasi cha fedha, kwa hiyo hata asiyeifungua barua amekiona. Ombi la kusema sehemu gani anaibishia lina tarehe yake ya mapema ili tusifike tarehe 26 ndipo tusikie lalamiko jipya. Ombi la kuthibitisha siku ya malipo si mapambo: akijibu kwa maandishi kwamba atalipa, amekiri deni. Sheria ya ukomo wa muda hapa Tanzania inatoa miaka 6 kwa madai ya mkataba, na sheria ya biashara wanayoitumia majimbo ya Marekani kwa mauzo ya bidhaa kwa kawaida inatoa miaka 4. Hatuko karibu na ukomo wowote, lakini kukiri kwa maandishi ni karatasi yenye thamani siku zote.

Sikuandika juu ya barua kwamba haitatumika kama ushahidi. Mjumbe mmoja alitaka tuweke maneno hayo, aliyaona kwenye barua za mawakili. Yale huwekwa kwenye barua za kutafuta suluhu, ili ulichokubali kupunguza kisitumike dhidi yako. Barua hii tunataka itumike.

Sikuiita ya mwisho pia. Ni ya kwanza. Ukiita ya kwanza kuwa ya mwisho, ya pili utaiitaje?

Nimeambatisha ankara mbili, hati zake mbili za shehena na taarifa ya akaunti ya ukurasa mmoja, yote kwenye faili moja la PDF. Taarifa hiyo inaonyesha pia 052 na ile 900, kila kimoja kwenye mstari wake, ili picha nzima ionekane kwa anayetaka kuiona. Tuliulizia kutuma nakala kwa kampuni ya vifurushi, wakasema shilingi 135,000. Tumeahirisha, itakwenda pamoja na barua ya pili kama hii haikujibiwa.

Jumanne, 18 Machi 2025: Jibu

Siku tano kulikuwa kimya. Mama Mwenyekiti alikuwa ananiuliza kila baada ya taraweh. Jana usiku barua pepe imeingia, na haikutoka kwa mnunuzi, imetoka idara yao ya malipo. Mnunuzi ameisukuma kwao barua yetu.

Wanasema mambo matatu. Ankara 046 haikuwamo kwenye mfumo wao kabisa: tuliituma kwa mnunuzi peke yake, naye alikuwa safarini, ikabaki kwenye barua zake. Ankara 041 ilikuwamo lakini imefungwa kwa alama ya ubishi, yote, kwa sababu ya zile katoni sita. Na wanaomba tuwapigie au wao watupigie kuthibitisha akaunti, kwa namba iliyoko kwenye mkataba.

Kwa hiyo kwa 046 hapakuwa na ukaidi wowote. Laiti ile barua ya kwanza yenye neno la kukataa ingekwenda, tungekuwa tunamtuhumu mtu ambaye karani wake hajawahi kuiona ankara. Kwa 041 ndivyo tulivyodhani: dola 900 zilikuwa zimezuia 4,500.

Simu ilipigwa leo saa kumi na moja jioni, kwao ikiwa saa nne asubuhi. Muda wa maongezi ulikula shilingi 12,000. Dada wa upande wa pili alinisomea tarakimu nne za mwisho za akaunti nami nikathibitisha. Nimemwomba anwani ya barua pepe ya idara yao, na kuanzia sasa kila ankara itakwenda kwa mnunuzi na kwao kwa pamoja, siku ileile hati ya shehena inapotoka.

Tarehe 16 imepita na 8,400 za ankara 052 hazijaingia. Ilikuwa Jumapili. Nilipomuuliza yule dada, alisema nayo haimo kwenye mfumo. Nimemtumia papo hapo. Sijaiandikia barua ya deni, maana kwake imezaliwa leo, lakini nimemwandikia mstari mmoja kwamba muda wake ulifika tarehe 16 Machi kwa mujibu wa mkataba.

Ijumaa, 28 Machi 2025: Hali ilivyo

Tarehe 26 asubuhi ziliingia dola 12,600 kamili za ankara 046. Hazikukatwa hata senti, sehemu ya 71A imeandikwa OUR.

Zile 3,600 za ankara 041 hazikuja nazo. Wameandika kwamba wameondoa alama ya ubishi kwa kiasi hicho na kwamba zitatoka kwenye malipo yao ya tarehe 4 Aprili, kwa sababu wao hulipa mara mbili kwa mwezi. Pamoja nazo wataleta 8,400 za 052. Ni maandishi, yana kiasi na yana tarehe, nimeyahifadhi.

Kikao kimejadili kama tuachie oda ya Aprili. Wengine walisema mteja ameonyesha nia njema. Mimi nilisema barua yetu ilitaja ankara mbili, na imelipwa moja. Tukipakia kabla ya 3,600 kufika, barua ijayo hataiamini. Imekubaliwa kwamba mzigo ufungashwe na ukae ghalani, nafasi ya meli isishikwe hadi fedha zionekane kwenye akaunti. Nimemjulisha mnunuzi hivyo kwa mistari miwili, na nimemshukuru kwa 12,600.

Picha za katoni sita zimefika juzi. Nne zinaonyesha mshono ulioachia mdomoni mwa mfuko, hizo ni za mashine yetu. Mbili zina tundu ubavuni, nazo zilitobolewa safarini. Napendekeza tumpe hati ya punguzo ya dola 600 kwa zile nne, na 300 zilizobaki tumwombe azidai kwa bima ya mzigo, ambayo kwa mkataba wetu ni yake. Kikao kitaamua wiki ijayo baada ya Idi. Uamuzi wowote utaandikwa kwenye barua yake yenyewe, baada ya 3,600 kuingia.

Gharama hadi sasa ni shilingi 17,000: taarifa ya benki na simu.